Wasifu wa fundi pikipiki

Fundi wa bodaboda anayeomba kazi kwenye gereji kubwa mara nyingi huandika: "Natengeneza pikipiki za aina zote." Mwajiri hapati kitu hapo. Bora ataje anazozifungua kila siku, tuseme Bajaj Boxer na TVS HLX, kisha aongeze kazi zenyewe.

Idadi ya kazi kwa wiki isikisiwe. Achukue daftari la gereji, ahesabu kazi za wiki nne, agawanye kwa nne. Akikuta sevisi 48, klachi 12 na injini 4 zilizofunguliwa, ataandika: sevisi 12, klachi 3, injini 1 kwa wiki. Fundi anayedai injini kumi kwa wiki peke yake hujifunga mwenyewe, kwa sababu kufungua injini na kubadili ringi huchukua muda.

Kwenye vifaa, kutaja "multimita" tu hakutoshi. Aseme anaitumia kupima nini. Mfano: "Napima chaji ya betri injini ikiwaka." Msaili akiuliza, ajibu kwamba kwa kawaida chaji nzuri ni kama volti 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 hata ukivuta mafuta, betri haichajiwi. Ikizidi 15, rekta ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Majukumu nayo yaandikwe kwa vitendo: kupokea pikipiki, kuandika hitilafu, kuagiza spea, kumsimamia mwanagenzi, kuijaribu pikipiki barabarani kabla ya kuikabidhi. Cheti cha VETA, kama kipo, kitajwe pamoja na mwaka.