Hasara ya Siku Moja: Jinsi Thamani Iliyo Hatarini Inavyokokotolewa

Thamani iliyo hatarini ya siku moja ni kiasi cha fedha ambacho hasara ya uwekezaji haitarajiwi kukivuka kufikia kesho soko linapofungwa, ila katika siku chache ambazo idadi yake imekubaliwa tangu mwanzo. Ikisemwa kuwa thamani hiyo kwa mfuko fulani ni shilingi milioni 2.26 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, maana yake ni kwamba katika kila siku 100 za soko, 95 hivi zitaisha kwa faida au kwa hasara isiyofika hapo, na tano hivi zitaleta hasara kubwa zaidi. Kubwa kiasi gani, namba hiyo haisemi. Kuisoma kama hasara kubwa kuliko zote zinazowezekana ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote, hata na watu wanaoletewa ripoti zake kila siku ya kazi.

Kipimo hiki, ambacho kwenye skrini za mabenki huandikwa VaR, kilipata umaarufu katika benki ya J.P. Morgan ya New York. Mwenyekiti wake, Dennis Weatherstone, alitaka apate ripoti fupi kila siku saa kumi na robo jioni, baada ya soko kufungwa, ikimweleza benki nzima ingeweza kupoteza kiasi gani katika saa 24 zinazofuata. Hisa, hatifungani na fedha za kigeni zilikuwa na vipimo vyake tofauti tofauti, na kuvijumlisha kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1994 benki hiyo ilitoa mbinu yake hadharani, bila malipo, kwa jina la RiskMetrics, na katika miaka michache ikaenea duniani.

Mbinu yenyewe ina dhana moja kubwa: kwamba mabadiliko ya bei kutoka siku moja hadi nyingine hufuata mtawanyiko wa kawaida, ule ambao mchoro wake una umbo la kengele. Mabadiliko madogo hutokea mara nyingi na kurundikana katikati. Makubwa ni adimu, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyozidi kuwa adimu. Mtawanyiko huo una sifa inayorahisisha kila kitu. Ukishajua wastani na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mabadiliko yanavyotapakaa kuzunguka wastani, umejua yote. Na kwa siku moja hata wastani huachwa, ukahesabiwa kuwa sifuri, kwa sababu faida ya wastani ya siku moja ni ndogo mno ikilinganishwa na kupanda na kushuka kwa bei.

Chukua mfuko wa kubuni wenye shilingi milioni 100. Milioni 60 zimewekwa katika hisa za kampuni ya simu, na milioni 40 katika hisa za benki. Hatua ya kwanza ni kukusanya bei za kufunga soko za siku 251 zilizopita na kutafuta mabadiliko ya kila siku kwa asilimia. Bei 251 huzaa mabadiliko 250, ambayo ni karibu mwaka mmoja wa soko. Mabadiliko ya hisa za simu yakiwekwa katika safu ya B ya jedwali la kompyuta na ya benki katika safu ya C, fomula nne zinatosha:

```
=STDEV.S(B2:B251)
=STDEV.S(C2:C251)
=CORREL(B2:B251,C2:C251)
=NORM.S.INV(0.95)
```

Tuseme mbili za kwanza zimetoa asilimia 1.5 kwa simu na asilimia 2 kwa benki. Kwa shilingi, mchepuko sanifu wa fungu la simu ni 900,000, na wa fungu la benki ni 800,000. Kuzijumlisha moja kwa moja ni sawa na kudai kwamba hisa zote mbili huanguka siku ileile kila mara. Fomula ya tatu ndiyo inayoeleza zinavyofuatana kweli. Jibu lake huwa kati ya hasi 1 na 1, na hapa tuseme ni 0.3: zina mwelekeo wa kwenda pamoja, lakini mwelekeo dhaifu.

Kinachofuata ni hesabu ya shuleni. Kila mchepuko unazidishwa kwa wenyewe, kwa mamilioni: 0.9 mara 0.9 ni 0.81, na 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Kisha inaongezwa sehemu ya kufuatana, ambayo ni 2 mara 0.3 mara 0.9 mara 0.8, yaani 0.432. Jumla ni 1.882, na kipeuo chake cha pili ni karibu 1.372. Mchepuko sanifu wa mfuko mzima kwa siku moja ni, basi, shilingi milioni 1.372.

Fomula ya nne ndiyo inayoingiza kiwango cha uhakika. Inatoa 1.645, kwa kuwa katika mtawanyiko wa kawaida asilimia 5 tu ya siku huanguka chini ya wastani kwa zaidi ya michepuko 1.645. Zidisha kwa milioni 1.372, na thamani iliyo hatarini ni shilingi milioni 2.26. Kila fungu likipimwa peke yake, la simu linatoa milioni 1.48 na la benki milioni 1.32, jumla milioni 2.80. Pengo la zaidi ya nusu milioni ni faida ya kutoweka fedha zote mahali pamoja, na sasa ina bei yake kwa shilingi.

Mfuko uleule ukipimwa kwa asilimia 99, kizidishi kinakuwa 2.326 na jibu linapanda hadi milioni 3.19. Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mfuko haukubadilika, hatari yake haikuongezeka, na wala hakuna taarifa mpya iliyoingia kuhusu siku mbaya kabisa. Mchepuko uleule umezidishwa kwa namba nyingine. Ndiyo maana kulinganisha namba za taasisi mbili bila kuuliza kila moja imechagua kiwango gani hakuna faida. RiskMetrics ilitumia asilimia 95. Wasimamizi wa mabenki, kupitia Kamati ya Basel, waliamua mwaka 1996 kutumia asilimia 99. Kiwango cha chini kina wema wake: hasara zinazovuka mpaka hutokea mara nyingi kiasi cha kuweza kuhesabiwa, hivyo namba hujaribiwa upesi. Cha juu kinamfaa anayetaka kujua aweke akiba kiasi gani, lakini kinaegemea pale pembezoni mwa kengele ambapo dhana ya ukawaida ni dhaifu zaidi.

Udhaifu huo hauhitaji hesabu ngumu kuonekana. Kwa mtawanyiko wa kawaida, anguko la michepuko mitano, ambalo kwa mfuko wetu ni kama shilingi milioni 6.9, lingetokea mara moja katika siku milioni tatu na nusu, yaani miaka 14,000 hivi ya soko. Masoko halisi hayana subira hiyo. Tarehe 19 Oktoba 1987 kielelezo cha Dow Jones cha New York kilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Hata kwa mchepuko wa asilimia 2 kwa siku, hiyo ni zaidi ya michepuko 11, na kengele haina nafasi kwa kitu cha namna hiyo hata ulimwengu ungeishi mara nyingi zaidi ya umri wake. Kasoro haikuwa ya soko.

Kasoro nyingine iko katika ile 0.3. Hofu inapoingia, wawekezaji huuza vyote walivyo navyo, na hisa zilizokuwa zikienda kila moja njia yake huanguka pamoja. Ikiwa 0.3 itapanda hadi 0.9, mfuko wetu kwa asilimia 95 utafika milioni 2.73, na faida ya kugawanya uwekezaji itakuwa karibu imeyeyuka, siku ileile ilipohitajika. Michepuko nayo haitulii. Siku 250 za utulivu hutoa namba ndogo ambayo huchelewa kupanda dhoruba ikianza, kwa kuwa kila siku mpya ina uzito wa moja kwa 250 tu. RiskMetrics ilipunguza tatizo hili kwa kuzipa siku za karibuni uzito mkubwa: mraba wa badiliko la leo hupewa asilimia 6, na makadirio ya jana asilimia 94. Namba huamka haraka zaidi, ingawa bado huamka baada ya pigo la kwanza.

Katika masoko madogo, kama ya Dar es Salaam, Kampala au Kigali, kuna mtego ambao vitabu vya New York havikuuhitaji. Hisa za baadhi ya kampuni hupita siku bila kuuzwa. Bei ya kufunga inabaki ileile, badiliko linaandikwa sifuri, na sifuri nyingi hushusha mchepuko sanifu. Hisa inaonekana tulivu kumbe haina wanunuzi. Dalili yake ni rahisi kuona: safu ya mabadiliko yenye sifuri mfululizo, na katikati yake miruko michache mikubwa. Kwa hisa za namna hiyo hata neno siku moja lina walakini, kwa kuwa mwenye nazo hawezi kuziuza kufikia kesho.

Namba yenyewe hukaguliwa kwa kuhesabu. Kila jioni hasara ya kweli hulinganishwa na makadirio ya jana yake. Kwa asilimia 95, siku 250 zinapaswa kuleta mivuko 12 au 13. Kwa asilimia 99, miwili au mitatu. Kanuni za Basel za 1996 ziliweka kanda tatu kwa asilimia 99: mivuko hadi minne ni kijani, mitano hadi tisa ni njano, kumi na kuendelea ni nyekundu, na benki inayotoka kwenye kijani huweza kutakiwa kuongeza mtaji. Idadi peke yake haitoshi. Mivuko 12 iliyotawanyika mwaka mzima ni ya kawaida, lakini 12 iliyorundikana katika wiki tatu inaonyesha kwamba mchepuko unaotumika umepitwa na wakati.

Baadaye Kamati ya Basel iliamua kwamba mtaji wa hatari ya soko upimwe kwa wastani wa hasara zilizo ng'ambo ya mpaka wa asilimia 97.5. Kwa mtawanyiko wa kawaida wastani huo ni michepuko 2.34, karibu sawa na ile 2.326 ya asilimia 99, hivyo mfuko wetu ungepata milioni 3.21 badala ya 3.19. Vipimo hivyo viwili hutengana kwa kiasi kikubwa pale tu hasara halisi zinapokataa kufuata kengele.