Konokono Mgeni Bwawani: Namna ya Kumtambua kwa Picha na Kumtolea Taarifa

Kijiji cha Jambiani, kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya mvua huzama upesi katika mwamba huo, kwa hiyo madimbwi ya kudumu ni machache. Yanayoongezeka ni mabwawa ya mapambo katika nyumba za wageni, yanayopandwa mayungiyungi na mimea mingine ya majini iliyotolewa mbali na kijiji. Mmea wa majini hausafiri peke yake. Mayai ya konokono hushikamana na majani, na konokono wachanga hujificha katikati ya mizizi, wadogo kiasi kwamba mnunuzi hawaoni. Baada ya miezi michache konokono asiyejulikana huonekana akitambaa ukutani mwa bwawa, na hapo huzuka swali ambalo jibu lake lina uzito wa kitabibu: huyu ni nani?

Uzito huo unatokana na kichocho cha mkojo, ugonjwa wa siku nyingi katika visiwa vya Unguja na Pemba. Mnyoo wa kichocho hawezi kukamilisha maisha yake bila konokono. Mayai yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa na kuanguliwa majini. Viluwiluwi vyake humwingia konokono, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hata hivyo si kila konokono anayeweza kumlea mnyoo huyu. Tafiti zilizofanywa Unguja zimeonesha kwamba mlezi wake ni Bulinus globosus, anayepatikana katika vijito na madimbwi ya kaskazini na katikati ya kisiwa. Kusini huishi ndugu yake, Bulinus nasutus, ambaye mnyoo wa kichocho wa Unguja hastawi ndani yake. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya maambukizo kutoonekana kusini kama yanavyoonekana kaskazini.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ugeni wa kiumbe haupimwi kwa mabara tu. Bulinus globosus ni mwenyeji wa Unguja, lakini akichukuliwa pamoja na mayungiyungi kutoka kijito cha kaskazini na kutiwa katika bwawa la Jambiani, atakuwa mgeni wa hatari pale alipofikishwa.

Yupo pia mgeni wa kutoka mbali zaidi. Pomacea canaliculata ni konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini ambaye, kuanzia miaka ya 1980, alisambazwa katika nchi nyingi za Asia kwa ajili ya kufugwa na kuliwa, kisha akageuka adui wa mashamba ya mpunga. Mwaka 2020 wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, walikumbwa na konokono waliokula miche ya mpunga. Sampuli zilichunguzwa vinasaba, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba ni konokono huyo. Hasara yake haiishii shambani. Konokono huyu aweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye kwa binadamu husababisha uvimbe wa utando wa ubongo. Mwaka 2006, mjini Beijing nchini Uchina, zaidi ya watu 100 waliugua namna hiyo baada ya kula konokono hao mkahawani bila kupikwa wakaiva.

Konokono hawa wawili, yule mdogo wa kichocho na yule mkubwa wa mpunga, wanaweza kushukiwa kwa picha nzuri ya simu. Tatizo ni kwamba picha nyingi zinazotumwa kwa wataalamu hazina msaada: huonesha mgongo wa gamba tu, kutoka juu, ndani ya maji yenye mng'aro wa jua. Mtaalamu anahitaji kuona mambo matatu ambayo picha ya namna hiyo huyaficha.

La kwanza ni upande wa mdomo wa gamba. Gamba liwekwe ncha yake ikiwa juu na mdomo wake ukimtazama mpiga picha. Mdomo ukiwa kulia, konokono ni wa mkono wa kulia; ukiwa kushoto, ni wa mkono wa kushoto. Pomacea ni wa kulia. Bulinus ni wa kushoto. Alama hii moja huondoa mashaka mengi, lakini ina mtego wake: baadhi ya simu huhifadhi picha ya kamera ya mbele ikiwa imegeuzwa kama katika kioo, na hapo wa kushoto huwa wa kulia. Dawa yake ni kuweka sarafu kando ya gamba. Maandishi ya sarafu yakisomeka kinyume, picha imegeuka. Sarafu hiyo hiyo humpa mtaalamu kipimo cha ukubwa, mradi aambiwe ni ya shilingi ngapi.

La pili ni kifuniko. Konokono wengine wana kibao kidogo kilichoshikamana na mguu, wanachokitumia kuziba mdomo wa gamba wanapojikunyata. Bulinus hana kifuniko kabisa. Pomacea anacho, nacho ni chembamba, cha rangi ya kahawia na hupindika kidogo kama ukucha. Kwa hiyo picha ya pili ipigwe konokono akiwa amejikunyata, ili ionekane kama mdomo umezibwa au uko wazi.

La tatu ni mayai, na pengine ndiyo ushahidi ulio rahisi kuliko wote. Pomacea hupanda juu ya maji usiku na kubandika mayai yake kwenye ukuta, mti au shina la mmea, kwa mafungu ya mamia, yenye rangi ya waridi iliyokoza inayopauka yanapokaribia kuanguliwa. Bulinus hutaga chini ya maji, ndani ya ute unaong'aa kama kioo, mara nyingi upande wa chini wa jani.

Tuchukue mfano. Mtunza bustani wa nyumba ya wageni Jambiani anaona konokono wenye ukubwa wa yai la kuku katika bwawa la mayungiyungi. Anavaa glovu, anamtoa mmoja kwa kichujio chenye mpini bila kuingia majini, na kupiga picha zake. Mdomo uko kulia, kwa hiyo si Bulinus. Kifuniko kipo. Lakini hapa asiharakishe, kwa sababu Afrika Mashariki ina konokono wake wakubwa wa majini. Lanistes ana kifuniko na ukubwa wa kutosha kumchanganya mtu, ila mdomo wa gamba lake huonekana kushoto, hivyo ameshaondolewa. Anayebaki ni Pila, mwenyeji ambaye mdomo wake uko kulia kama wa Pomacea. Wawili hawa hutofautishwa na kifuniko: cha Pila ni kinene na kigumu, chenye tabaka la chokaa jeupe upande wa ndani. Hutofautishwa pia na mayai, kwa kuwa Pila naye hutaga nje ya maji, lakini mayai yake ni meupe. Mtunza bustani anatazama ukuta wa bwawa na kuona mafungu ya waridi juu kidogo ya usawa wa maji. Sasa ana sababu ya kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Anacho sababu, lakini hana uthibitisho. Zipo aina za Pomacea zinazofanana mno kwa macho, na ndiyo maana hata Mwea vinasaba vilihitajika. Kwa Bulinus mipaka ya picha ni mikubwa zaidi. Picha yaweza kumwambia mtaalamu kwamba konokono ni wa kundi hilo, lakini globosus na nasutus hukaribiana umbo kiasi kwamba huamuliwa maabara. Wala hakuna picha inayoonesha kama konokono amebeba kichocho. Hilo hupimwa kwa kumweka konokono hai katika maji safi chini ya mwanga na kutazama kwa hadubini kama viluwiluwi vinatoka. Hadi majibu yapatikane, asiingie mtu wala mtoto katika maji hayo.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kumshitaki mwenyeji. Konokono mkubwa wa nchi kavu, yule wa kahawia mwenye michirizi anayetoka bustanini baada ya mvua, akitafutwa mtandaoni hutajwa kuwa mvamizi hatari. Maonyo hayo yameandikwa kwa ajili ya mahali kama Florida, alikopelekwa na watu. Asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki. Haifai kumshika kwa mikono mitupu, kwa sababu naye aweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, lakini kuonekana kwake Jambiani si habari ya uvamizi.

Taarifa ianzie kwa sheha, anayeweza kuifikisha kwa ofisi ya kilimo ya Wilaya ya Kusini na kwa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Konokono mkubwa mwenye mayai ya waridi ni shauri la kilimo kwanza. Konokono mdogo wa mkono wa kushoto asiye na kifuniko ni shauri la afya kwanza. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua ubora na kupoteza kumbukumbu ya mahali zilipopigwa. Ni afadhali zitumwe kama faili, zikiambatana na maelezo mafupi: shehia, aina ya maji, tarehe, idadi iliyoonekana, na mahali mimea ya bwawa ilikotoka. Jibu la swali la mwisho mara nyingi huwa na thamani kuliko picha yenyewe, kwa kuwa huonesha bwawa jingine linalopaswa kukaguliwa.

Konokono wawili au watatu wahifadhiwe katika chupa yenye spiriti ya hospitali. Formalini isitumike, kwa sababu huharibu vinasaba. Wengine wabaki bwawani hadi maofisa wafike, wala maji hayo yasimwagwe mtaroni. Mayai ya waridi yana sumu inayoyakinga yasiliwe, hivyo yasiguswe kwa mkono mtupu. Mimea ya bwawa hilo isigawiwe kwa majirani, hata jani moja, kwa sababu ndivyo konokono alivyofika hapo.