Kadi 20, Sahani 40

Mzazi anayeandaa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto huanza na hesabu ya kadi. Ametoa kadi 20, basi anaingia Kariakoo akiwa na 20 kichwani: vikombe 20, vifuko 20, sahani 20, na nyama ya kuwatosha watoto 20. Jumamosi jioni vikombe vimekwisha kabla keki haijakatwa, mtoto wa jirani amekosa kifuko analia getini, na huku pilau ya sufuria nzima haijaguswa. Namba yenyewe haikuwa mbaya. Kosa ni kuitumia namba moja kwa kila kitu. Chakula kinahesabiwa kwa midomo, vikombe kwa mara ambazo watu watakunywa, vifuko kwa watoto peke yao, na mapambo yanahesabiwa kwa ukuta.

Tuchukue sherehe ya kawaida ya nyumbani, tuseme Tabata, mtoto anatimiza miaka 5, kadi zimetoka 20. Kwenye ujumbe wa Watsapu, swali la kuwauliza wazazi ni "mtakuja wangapi?" Ukiuliza "mtakuja?", utajibiwa "tutakuja, Mungu akipenda", na jibu hilo halikuambii kama mama anakuja na mtoto mmoja au na watatu pamoja na dada wa kazi. Wewe mwenyewe weka makadirio haya: kati ya watoto 20 walioalikwa, 15 watafika. Wataongozana na wadogo zao kama 5. Wa humo ndani na wa majirani, pamoja na mwenye sherehe, wawe 5 wengine. Hao ni watoto 25. Watu wazima wanaowaleta wafanye 12, na wa nyumbani 3, pamoja na anayepika, ambaye husahaulika kila mara. Jumla watu 40. Namba za kuandika kwenye karatasi ya manunuzi ni tatu: watoto 25, wakubwa 15, midomo 40.

Chakula ndicho kinachokula fedha nyingi, tukianzie hapo. Kilo moja ya mchele ikiwa pilau inawatosha watu wazima 7 hivi, au watoto 12 wa umri huu, maana mtoto kwenye sherehe hali kama anavyokula nyumbani. Ana michezo, ana soda, macho yake yako kwenye keki. Kwa hiyo watoto 25 ni kilo 2, wakubwa 15 ni kilo 2, ongeza kilo moja ya watakaochelewa na ya kufungia wageni, unapata kilo 5. Kuku wa kisasa watano wanatosha, ila wakatwe kwa mpango. Kila kuku ana mapaja mawili, miguu miwili na mabawa mawili, hivyo ni vipande 6 vya watoto kwa kila mmoja, na kuku watano wanatoa 30. Vidari 10 vikatwe katikati, vipatikane vipande 20 vya wakubwa. Sambusa ni mbili kwa kila mtoto na moja kwa kila mkubwa, yaani 65. Kilo moja ya nyama ya kusaga inajaza sambusa ndogo 40 hadi 50, kwa hiyo kilo moja na nusu inamaliza kazi.

Na chipsi? Ningeshauri kuchagua moja, pilau au chipsi. Kilo moja ya viazi inatoa sahani 3 au 4 za watoto. Kwa watoto 25 ni kilo 7 za kumenya, kukata na kukaanga kwa mafungu, na fungu la kwanza limeshapoa na kulegea kabla la mwisho halijatoka mafutani. Pilau inasubiri, chipsi hazisubiri. Hata hivyo pilau nayo ina mwisho wake. Katika joto la Dar es Salaam chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa mbili, na kwa kuwa kadi ya saa nane inaleta watu saa kumi, panga iive wageni wanapoanza kujaa. Sambusa zifungwe mapema zisubiri kwenye friji, zikaangwe watoto wakiwa wamekwisha kufika.

Sherehe nyingi zenye chakula cha kutosha hupungukiwa kwenye upakuaji. Anayepakua huanza na moyo mkunjufu, sahani za mwanzo zinajaa na zina vipande viwili, na foleni ya watoto siku zote mbele wanakaa wakubwa wenye nguvu. Wadogo waliosukumwa nyuma wanafikia wali mtupu. Dawa yake ni kupakua sahani moja ya mfano kabla ya kumwita mtu yeyote: upawa mmoja, kipande kimoja, sambusa mbili. Kila anayeshika upawa aione. Nyama ikae kwenye bakuli lake mbali na sufuria, na sahani ya mpishi itolewe kwanza na kufunikwa. Watoto watano wa kwanza wakishapita, hesabu vipande vilivyobaki kwenye bakuli. Kama ni pungufu ya 25, mkono unapotea, na bado kuna nafasi ya kuurekebisha.

Keki watu huinunua kwa kilo au kwa uzuri wa picha, lakini swali ni vipande. Keki ya mraba ya sentimita 30 kwa 30, ikikatwa vipande vya sentimita 5 kwa 5, inatoa vipande 36. Toa 25 vya watoto, vinabaki 11. Hivyo 11 vikikatwa kila kimoja mara nne vinatoa vipande vidogo 44 vya kuchomea vijiti vya meno, ambavyo mwenye sherehe atazunguka navyo akiwalisha wazazi, bibi, shangazi na wageni kama ilivyo desturi. Keki moja imewatosha wote 40. Keki ya duara ni ngumu kuigawa sawa, na ya ghorofa mbili nyembamba inapendeza kwenye picha ila vipande vyake ni virefu na vichache. Mweleze mwokaji idadi ya vipande unavyotaka kabla ya kumweleza rangi.

Vikombe vinashangaza watu wengi. Mtoto anakunywa funda tatu, anakiweka kikombe chini, anakimbilia mpira, na akirudi anakuta vikombe sita vinavyofanana. Hachagui, anaomba kingine, na afadhali hivyo kuliko kunywea cha mwenzake mwenye mafua. Kwa hiyo vikombe visivyo na alama huhesabiwa vitatu kwa kila mtoto: 75, na 15 vya wakubwa, jumla 90, yaani pakiti mbili za 50. Ukinunua maka peni na kuandika jina la kila mtoto anapopokea kinywaji cha kwanza, hesabu inashuka hadi 25 vya watoto, 15 vya wakubwa na 10 vya akiba. Pakiti moja. Kwa wasiojua kusoma bado, chora samaki, nyota au nyumba, kila mtoto na mchoro wake.

Kikombe cha mililita 200 usikijaze, mililita 150 zinatosha. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inatoa vikombe viwili, na kumiminia ni salama kuliko kuwaacha watoto wa miaka 5 wakikimbia na chupa za kioo. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mpangie karibu nusu lita, yaani lita 20 hivi. Kreti moja ya chupa 24 ni lita 8 na ushei, juisi ya ukwaju au pasheni iwe lita 6, kisha dumu la maji la lita 20 litafunika pengo na jua likizidi. Watoto wakiisha kucheza wanataka maji kuliko tunavyodhani.

Vifuko vya zawadi ndivyo visivyo na huruma, kwa sababu havigawanyiki. Pilau ikipungua unapunguza upawa, lakini kifuko kikikosekana, kuna mtoto mmoja anayerudi kwao mikono mitupu akiwaangalia wenzake. Watoto 25, fungasha 28. Hapa tatizo ni dazeni. Penseli zinauzwa 12, 12, na dazeni mbili ni 24, pungufu. Unalazimika kununua dazeni tatu, na 8 zinazobaki zitatumika shuleni. Kwa hiyo usijaze vitu vya aina nyingi, kila aina inaleta mabaki yake. Penseli moja, biskuti pakiti moja ndogo, pipi tatu na kitu kimoja cha kuchezea vinatosha, na viwe vilevile kwa wote, wa kike na wa kiume, maana vifuko hufunguliwa hapo hapo na kulinganishwa. Mifuko yenyewe iwe ya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Katika vile 28, vitano vifungwe utepe wa rangi nyingine, ni vya wadogo waliofuata kaka na dada zao. Aliye chini ya miaka 3 asipewe pipi ngumu, karanga, bisi wala gololi, vyote vinaweza kumkwama kooni. Waongezee biskuti laini badala yake. Kipande cha puto lililopasuka kina hatari hiyo hiyo, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuviokota.

Mapambo hayana habari na idadi ya wageni. Yanafuata ukuta wa nyuma ya meza ya keki, ambao ndio utakaoonekana kwenye picha. Mkufu wa maputo wa mita 3, mchanganyiko wa makubwa na madogo, unakula maputo kama 100. Ongeza 25 ya watoto kuondoka nayo na mengine 15 yatakayopasuka, hizo ni pakiti tatu za 50. Yasijazwe upepo mpaka mwisho, puto lililokaza linapasuka jua likiligusa, na yatundikwe kivulini. Kukaa, watoto hawahitaji viti. Jamvi la mita 2 kwa 3 linawapokea 12 au 13, majamvi mawili yanawamaliza. Viti vya kukodi ni vya wakubwa tu, 15 na vichache vya ziada.

Sasa wageni wakiongezeka, tuseme darasa zima limealikwa na watoto wanakuwa 50. Wakubwa hawaongezeki mara mbili, kwa sababu mama mmoja huleta watoto watatu na gari moja hubeba watano. Wakadirie 25. Mchele unakwenda kilo 9, kuku 9, vikombe vyenye majina pakiti mbili, vifuko 55. Ukuta unabaki na mkufu ule ule, ila maputo ya kuondoka nayo yanakuwa 50. Keki ya pili haihitaji mapambo. Iokwe ya kawaida, ukubwa ule ule, ikae jikoni na ikatwe mapema, ile ya picha ikiwa bado mezani, ili watoto 50 wasisubiri kisu kimoja.