Hisa Ilipe Kiasi Gani Zaidi ya Hatifungani?

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya, kwa niaba ya serikali, iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Serikali ilitaka shilingi bilioni 70, ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280. Riba ilitua kwenye asilimia 18.46 kwa mwaka, tena bila kodi, wakati mfumuko wa bei wa Januari ulikuwa asilimia 6.9. Siku hizohizo hisa ya Safaricom, ambayo Agosti 2021 ilikaribia shilingi 45, ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya shilingi 15.

Kwa hali kama hiyo, mtu mwenye akiba yake anunue hisa za nini? Na akinunua, adai faida ya kiasi gani ndipo aone haki imetendeka? Mwanafunzi wa fedha hukutana na swali hili likiwa limevishwa alama za hesabu, naye hukariri alama akaliacha swali.

Tuanze na foleni ya malipo. Kampuni ikipata fedha, hulipa kwanza wafanyakazi, waliompa malighafi, benki na mamlaka ya kodi. Mwenye hisa huja mwisho, akachukua kilichobaki, na pengine hakibaki kitu. Hawezi kukubali nafasi hiyo kwa faida ileile anayopewa mtu aliyeikopesha serikali. Hudai nyongeza. Nyongeza hiyo, ikipimwa kwa soko zima la hisa dhidi ya mkopo usio na shaka, ndiyo malipo ya hatari ya hisa.

Angalia kwamba hiyo ni nyongeza inayotarajiwa. Iliyopatikana ni habari nyingine, na kuisoma historia kunahitaji uvumilivu mkubwa. Rajnish Mehra na Edward Prescott, katika makala yao ya 1985, walipitia takwimu za Marekani za 1889 hadi 1978 wakakuta hisa zimezidi dhamana za muda mfupi kwa takriban pointi sita kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko nadharia zao zilivyoweza kueleza. Walikuwa na miaka tisini ya kutazama. Soko ambalo faida yake hupanda na kushuka kwa kama pointi 20 kwa mwaka, ukilipima kwa miaka 25 tu, wastani utakaoupata unaweza kupotoka kwa pointi nne huku au kule bila mtu yeyote kukosea hesabu. Aliyenunua Safaricom kwa shilingi 5 ilipoorodheshwa mwaka 2008 na aliyeinunua 2021 watakupa majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo ukimwona mtu akikokotoa malipo ya hatari ya Nairobi kwa miaka kumi iliyopita, kisha akayaandika hadi senti, usimkubalie upesi.

Sasa hayo ni malipo ya soko zima. Kampuni moja je? Hapa ndipo lilipo wazo la William Sharpe la mwaka 1964, ambalo John Lintner na Jan Mossin nao walilifikia kwa njia zao. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika taaluma hii: si kila hatari hulipwa.

Chukua kiwanda kinachoweza kuungua. Hatari hiyo ni kubwa kwa mtu aliyeweka akiba yake yote humo, lakini kwa mwenye hisa za kampuni thelathini ni jambo dogo, kwa sababu viwanda thelathini haviungui siku moja. Mtu huyu wa pili haoni sababu ya kudai fidia ya moto, hivyo yuko tayari kuinunua hisa kwa bei ya juu kuliko yule wa kwanza. Ushindani wa wanunuzi wa aina yake huipandisha bei hadi fidia ya moto inatoweka. Anayebaki na hisa moja hubeba hatari ambayo soko halimlipi. Riba ikipanda au shilingi ikiporomoka, hata hivyo, kampuni zote thelathini huumia pamoja, na hapo hakuna pa kujificha. Hatari hiyo ya pamoja ndiyo inayolipwa. Kiasi ambacho hisa huitikia mwendo wa soko zima huitwa beta: hisa yenye beta ya 1 huenda sawa na soko, yenye 1.2 huzidisha kwa moja ya tano, na malipo yake hupimwa hivyohivyo.

Tufanye hesabu ya benki ya kubuni iliyoorodheshwa Nairobi, beta yake 1.2. Kwanza tunahitaji kiwango kisicho na hatari, na wengi hunyakua ile 18.46. Lakini Februari ile wawekezaji walikuwa na hofu juu ya deni la nje la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, na sehemu ya riba ilikuwa bei ya hofu hiyo. Tuseme hofu ilikuwa pointi tano. Tukiziondoa, kiwango safi ni kama 13.46. Hofu ya nchi haipotei, inahamia upande wa pili: soko lililokomaa likidai pointi 6, hapa tuseme 11. Mara 1.2 ni 13.2, na jumla yake na kiwango safi ni 26.66.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua malipo ya 11, yaliyokwisha kubeba hofu ya nchi, na kuyabandika juu ya 18.46 ambayo nayo inayo. Jumla huwa 31.66. Kama hisa hiyo ingelipa gawio la shilingi 10 kila mwaka bila kikomo, hesabu ya kwanza huipa thamani ya shilingi 37 na nusu, ya pili takriban 31 na senti 60. Shilingi sita zimepotea kwa kuhesabu hofu moja mara mbili. (Kodi pia iangaliwe: hatifungani ile haikatwi, gawio la mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5.)

Beta yenyewe ina matatizo yake Nairobi. Hupimwa kwa kulinganisha hisa na faharisi ya soko, na kuna miaka ambayo Safaricom peke yake imebeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Ukitumia faharisi ya hisa zote, beta ya benki yako inakuwa kwa kiasi kikubwa kipimo cha jinsi benki hiyo inavyofuatana na kampuni ya simu. Richard Roll alionya mwaka 1977 kwamba soko la kweli, lenye mali zote za watu, halionekani popote. Nairobi onyo lake linaonekana kwa macho.

Kisha kuna hisa zisizouzwa mara kwa mara, kama za Limuru Tea, ambazo ni chache na wenye nazo hawaziachi. Soko likianguka Jumatatu na hisa isiuzwe hadi Alhamisi, bei iliyoandikwa siku hizo haisogei. Takwimu za kila siku zitakuambia beta ni ndogo mno, kana kwamba hisa ni salama, kumbe haijapata mnunuzi. Dalili ni rahisi kuiona: hesabu siku ambazo bei haikubadilika hata senti. Zikiwa nyingi, pima kwa mwezi badala ya siku, kisha linganisha. Beta ikipanda sana, ile ya kwanza haifai kutumika, na ni heri kuazima beta za kampuni za sekta ileile katika masoko yenye wanunuzi wengi, ukizirekebisha kwa kiasi cha deni ambacho kila kampuni inacho.