Pale kipeo kinapojirudia

Tuchukue mlinganyo huu, wa aina inayoitwa kwa majina ya Euler na Cauchy:

x²y'' + 3xy' + y = 0

Hapa y' ni kasi ya kubadilika kwa y, na y'' ni kasi ya kubadilika kwa y' yenyewe. Tukijaribu y = x^m, kila hatua ya kutafuta kasi inapunguza kipeo kwa 1, lakini x na x² zilizotangulia zinakirudisha palepale. Ndiyo maana jaribio hili linafaulu: x^m inatoka nje, inabaki m(m−1) + 3m + 1 = 0, yaani (m+1)² = 0.

Tumepata kipeo kimoja tu, −1, ilhali tunahitaji majibu mawili yanayojitegemea. Wengi huandika 1/x mara mbili, na hapo ndipo wanapokwama. Jibu la pili hupatikana kwa kuzidisha la kwanza kwa logi asilia: y = (A + B ln x)/x.

Sasa badilisha y ya mwisho iwe 2y. Tunapata m² + 2m + 2 = 0, na m = −1 ± i, namba changamano. Kwa namba halisi, jibu ni y = (A cos(ln x) + B sin(ln x))/x. Hili ni wimbi, ila la ajabu: sehemu ya sini hukata sifuri kwenye x = 1, kisha karibu 23.1, kisha karibu 535. Kila pengo ni takriban mara 23 ya lililotangulia. Haya yote ni kwa x iliyo kubwa kuliko sifuri.