Mtoto Anapochelewa, Mzazi Aandikiweje?

Rasimu ya kwanza ya mwalimu ilisema: "Binti yako anachelewa kila siku. Mrekebishe." Mzazi hapo atajitetea tu, tena kwa haki, maana daftari la mahudhurio linaonyesha Jumatatu na Alhamisi pekee, wiki tatu mfululizo. Mwalimu akaiandika upya barua pepe yake:

"Habari za kazi, mama. Kwa wiki tatu, Jumatatu na Alhamisi, binti yetu amefika saa 2:00 badala ya 1:30, na hisabati inampita. Je, siku hizo kuna jambo linalomchelewesha? Mazoezi aliyokosa nitamfundisha mchana. Naomba tuzungumze kwa simu kesho jioni, ukipata nafasi."

Swali ndilo kiini. Siku zilezile zikijirudia, chanzo huenda kikawa ratiba ya nyumbani, pengine zamu ya mzazi kazini, kuliko uvivu wa mtoto.