Cheo Hakisemi Ulifanya Kazi Gani

Hoteli za pwani ya Makunduchi, Jambiani na Paje huletewa mchele, unga na vinywaji kutoka Mjini, safari ya takriban kilomita 50 au zaidi inayopita Tunguu na Kitogani. Gari likichelewa au hesabu ya ghala ikikosewa, jikoni hakupikiki. Kazi kama hiyo inamfaa askari mstaafu aliyeshika bohari. Tatizo ni barua yake ya maombi.

Tuchukue mfano wa sajini, mzaliwa wa Makunduchi, aliyestaafu JWTZ. Chini ya "YAH: OMBI LA KAZI YA MSIMAMIZI WA GHALA" ameandika: "Nilikuwa Sajini wa Bohari wa Kombania, nikiwajibika kwa ugavi wote." Meneja wa hoteli hajui kombania ina watu wangapi, wala hiyo bohari ilikuwa na nini. Cheo kinamwambia nani alimpigia nani saluti, hakimwambii nani alihesabu magunia.

Dawa yake ni kutaja mzigo, kiasi na kumbukumbu: "Nilisimamia ghala la chakula cha watu 120. Kila wiki nilipokea unga, mchele, maharage na mafuta, nikavipima na kuvilinganisha na hati ya mzigo kabla ya kusaini. Kila kilichotoka nilikiandika kwenye leja, na kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali yote."

Ajiandae kuyatetea maneno hayo kwenye usaili. Tuseme kila mtu alipewa gramu 400 za unga kwa siku. Watu 120 watatumia kilo 48, yaani kilo 336 kwa wiki, hivyo mifuko 7 ya kilo 50 inatosha. Leja ikionyesha imetoka 9 ilhali idadi ya walaji haikubadilika, kuna mifuko ya kutafutwa. Hotelini hesabu ni hiyo hiyo, ila idadi ya wageni hupanda na kushuka, kwa hiyo huanza na orodha ya vyumba vilivyokodiwa.

Silaha, risasi na mahali kikosi kilipokaa havina nafasi katika barua hiyo. Ni siri za kazi, na ghala la hoteli halivihitaji.

Kuna pengo moja ambalo sajini asilifunike. Jeshini aliomba mali kwa fomu, naye akaletewa. Hotelini huenda akatakiwa kutafuta wauzaji, kulinganisha bei na kubishana juu ya samaki waliokwisha kulegea. Akiandika kwamba ana uzoefu wa manunuzi, swali la kwanza kuhusu bei litamwumbua. Afadhali aseme wazi: "Sijawahi kununua kwa niaba ya taasisi; nimepokea, nimetunza na nimetoa mali." Meneja akimwajiri, atajua ampe ghala sasa, na manunuzi amfundishe kwanza.